Pesa Zinaingia, Lakini Deni Linazeeka

Ukimuuliza mwenye holseli kama wateja wake wanalipa, mara nyingi atakuonyesha simu. Jumbe za malipo zimejaa tangu asubuhi. Sisi tunasema hiyo simu haijakujibu swali. Inakuambia ni pesa ngapi zimeingia, haikuambii ni deni gani limelipwa.

Tuchukue mfano wa holseli ya Nakuru inayosambazia maduka madogo unga, sabuni na mafuta ya kupikia, kwa deni la siku 14. Juni ilianza maduka yakidaiwa 600,000. Mwezi huo ikauza kwa deni bidhaa za 900,000, na ikakusanya 860,000. Mwenyewe akapiga hesabu ya haraka: nimeuza laki tisa, nimekusanya karibu laki tisa, basi niko sawa.

Kwani ako sawa? Deni lililobaki ni 640,000. Tulipange kwa umri, tukihesabu kutoka tarehe ya kila invoisi. Lililo ndani ya siku 14 ni 340,000, na hilo halina shida, siku zake hazijaisha. La siku 15 hadi 30 ni 120,000, la siku 31 hadi 60 ni 80,000, na lililopita siku 60 ni 100,000. Yaani 300,000 ilifaa kuwa imeshalipwa.

Sasa tupime ukusanyaji wenyewe. Jumlisha deni la mwanzo na mauzo ya deni, unapata 1,500,000. Toa 340,000 ambayo bado haijafika siku yake, inabaki 1,160,000. Hiyo ndiyo pesa uliyokuwa na haki ya kuitarajia, na wewe umekusanya 860,000. Gawanya, zidisha kwa 100: asilimia 74. Ile hesabu ya haraka ilikuwa inampa karibu 96.

Hapo ndipo watu wengi hukimbilia kupigia wateja simu za hasira. Pole pole kwanza. Deni kuukuu huwa la aina mbili, na ukiangalia invoisi za duka moja moja utaona tofauti. Kuna duka ambalo kila invoisi inachelewa, za zamani na za juzi, na kila mwezi zinasonga pamoja kuelekea siku 60. Huyo hana pesa, au pesa yako imeshakuwa karo ya shule. Punguza bidhaa unazompa kwa deni kabla hujazungumza naye kuhusu za nyuma. Halafu kuna duka ambalo limelipa invoisi ya Machi, likaruka moja ya Aprili, likalipa za Mei zote. Huyo pesa anazo. Hiyo iliyorukwa pengine ina bandali ya unga iliyofika imelowa, au katoni mbili ambazo hazikushushwa kwenye gari. Hahitaji kusukumwa, anahitaji mtu aende aangalie ile noti ya kupokea mzigo.

Lakini tofauti hiyo utaiona tu kama kila malipo yameandikwa kwenye invoisi yake. Ukiyapeleka yote kwenye deni la zamani zaidi bila kuuliza, ile ya Aprili itaonekana imelipwa, na mpya ambayo mteja alidhani amemaliza ndiyo itaanza kuzeeka. Mtabishana, na nyote wawili mtakuwa na ujumbe wa simu wa kuonyesha. Kanuni yetu ni rahisi: mteja akitaja invoisi, iandike hiyo. Asipotaja, anza na ya zamani, kisha umwambie.

Njia ya kupokea pesa pia inahusika. Kwa Nunua Bidhaa, malipo yanafika bila mahali pa kuandika ni ya nini. Siku mama mwenye duka akilipa kwa simu ya kijana wake, jina hulijui, na Jumatatu unampigia kumdai deni alilolipa Ijumaa. Kwa Lipa Bili kuna sehemu ya nambari ya akaunti. Wape maduka yako nambari, kila moja yake, waijaze hapo. Bora zaidi, nambari ya invoisi.

Na ukianza kufuatilia hiyo asilimia kila mwezi, jichunge na ujanja mmoja. Holseli yetu ikitangaza kwamba sasa deni ni la siku 30, ile 120,000 inahamia kwenye deni ambalo halijafika siku yake. Asilimia inapanda kutoka 74 hadi karibu 83, na hakuna hata shilingi moja iliyoongezeka kwenye simu. Ile 100,000 iliyopita siku 60 bado iko palepale. Kila mwisho wa mwezi, anza kwa kuangalia hiyo.