Kiendeshi Kikianguka, Nani Huanguka Nacho?

Mwalimu mmoja wa shule ya upili hapa Muhoroni alinijia juzi na lalama. Alikuwa akichapa mtihani wa muhula, akachomeka printa ya zamani, na papo hapo kiwambo cha tarakilishi kikageuka samawati. Kurasa tatu zikapotea. "Daktari," aliniuliza, "printa ndiyo mbovu, mbona mashine nzima ife?"

Swali hilo ni zito kuliko alivyodhani. Ijumaa ya Julai 19, 2024, saa moja na dakika tisa asubuhi kwa majira yetu, kampuni ya CrowdStrike ilisambaza faili ndogo ya kusasisha programu yake ya ulinzi. Kwa makadirio ya Microsoft, tarakilishi milioni 8.5 zilizimika duniani, na ndege zikakwama viwanjani. Asili ya janga lile na ya msiba wa mwalimu wetu ni moja.

Kila tarakilishi ina programu kuu inayogawa kumbukumbu na zamu za kazi. Sehemu yake ya ndani kabisa huitwa kiini. Kichakataji huendesha kiini kwa mamlaka yasiyo na mpaka: kinaweza kusoma na kuandika popote katika kumbukumbu. Programu za kawaida hufungiwa vyumbani mwao. Kiendeshi nacho ni programu ndogo inayojua lugha ya kifaa kimoja, kama vile printa au diski. (Neno hili "kiendeshi" linanipendeza: kiambishi cha ngeli chatuonya kwamba ni chombo tu, si dereva mwenye akili.)

Ubishi ni mahali pa kumweka kiendeshi huyu, samahani, kukiweka kiendeshi hiki. Katika kiini kizima, kama kile cha Linux, viendeshi vingi huishi ndani ya kiini na kushiriki mamlaka yake. Windows huitwa mseto, ila viendeshi vyake vingi vimo humo humo. Faida ni kasi, kwani kuitana ndani ya nyumba moja hakuhitaji kubisha hodi. Hasara ilionekana ile Ijumaa. Kiendeshi cha CrowdStrike kilipewa vipengee 20 vya kukagua, na ile faili mpya ikakiagiza kitazame cha 21. Kilipofuata agizo, kilisoma anwani isiyo na kitu. Kosa kama hilo likitokea ndani ya kiini, mfumo hauwezi kujua ni nini kingine kilichokwisha kuharibiwa. Husimamisha kila kitu kwa makusudi, kabla data iliyooza haijaandikwa diskini. Kiwambo cha samawati, basi, ni breki.

Ubaya ni kwamba kiendeshi hicho hupakiwa mapema mashine inapowaka. Ilipowashwa upya, ilianguka tena. CrowdStrike waliiondoa faili baada ya dakika 78, lakini mashine nyingi hazikuweza kukaa macho kiasi cha kupokea marekebisho. Ilibidi mafundi waziendee moja moja, waziwashe katika hali ya usalama na kufuta `C-00000291*.sys` kwa mkono.

Katika kiini kidogo, viendeshi hutolewa nje na kufungiwa vyumbani kama programu nyingine. Ndivyo ilivyo QNX, na ndivyo ilivyo MINIX 3 ya Profesa Andrew Tanenbaum, ambaye mwaka 1992 alibishana hadharani na Linus Torvalds, muundaji wa Linux, kuhusu jambo hili hili. Kiendeshi cha MINIX 3 kikigusa anwani isiyo yake, kichakataji hukizuia, kiini hukiua, na mtumishi maalumu wa kufufua huanzisha nakala mpya. Mtihani wa mwalimu ungebaki kiwamboni. Printa tu ndiyo ingenyamaza.

Tusidanganyane, hata hivyo. Nakala mpya ingesoma faili ile ile mbovu na kufa tena, na tena. Mlinzi angekuwa maiti huku mlango ukiwa wazi. Lakini mashine ingekuwa hai, mtandao ungefanya kazi, na faili sahihi ingeweza kuletwa bila fundi kupanda matatu kutoka Kisumu. Aidha, kiendeshi cha diski kikifa, nakala yake haiwezi kusomwa kutoka diski ile ile. Sharti iwe imehifadhiwa katika kumbukumbu. Vilevile kifaa chenye uwezo wa kuandika moja kwa moja katika kumbukumbu huruka kuta zote, isipokuwa pawe na mtambo wa kukichunga. Na kila ujumbe unaovuka ukuta hugharimu muda.

Torvalds aliuchagua ule wepesi, na mashine nyingi za dunia zikamfuata. Mwalimu wangu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama zile kurasa tatu zingeweza kupatikana. Nilimwambia hapana.