Zile Kapsuli Tisa Kwa Mkebe wa Aiskrimu

Wasee, kila nyumba iko na ule mkebe. Aiskrimu iliisha zamani, sasa ndani kuna plasta, dawa za kichwa, na karatasi ya amoksilini yenye kapsuli zimebaki. Mathe anaziweka "in kesi". Mimi nasema hizo ndizo dawa hatari zaidi kwa hiyo nyumba.

Cheki hesabu. Tuseme kaka yako ana maambukizi ya kifua na daktari anamwandikia amoksilini ya miligramu 500, mara tatu kwa siku, siku 5. Hizo ni kapsuli 15. Siku ya pili jioni homa imeshuka, ako fiti, anaacha. Amemeza sita. Tisa zinaingia kwa mkebe.

Utaniuliza, kwani si amepona? Labda. Saa zingine mwili humaliza kazi wenyewe. Shida ni kwamba kuskia poa kunakuambia tu bakteria wamepungua, hakukuambii wamebaki wangapi wala ni wa aina gani. Amoksilini huua kwa kuharibu ukuta ambao bakteria anajijengea. Wale dhaifu hufa mapema. Lakini kuna wengine wana kimeng'enya cha kuikatakata hiyo dawa kabla iwafikie, na ukiwaondolea washindani wao, nafasi yote ni yao. Pia hii dawa haikai mwilini. Kila baada ya saa moja hivi, nusu yake imetoka kwa damu. Ndio maana unaambiwa kila saa 8, si "asubuhi nikikumbuka".

Sasa hapa ndipo watu wengi hawajaambiwa. Dawa haiendi kifuani peke yake. Inapita pia tumboni, mahali bakteria wengi sana wanaishi na wewe bila noma, E. koli wakiwemo. Kila dozi inachuja hao pia: dhaifu wanaenda, sugu wanabaki, na hao sugu wanaweza kuwapea majirani jeni za usugu. Hii hufanyika hata ukimeza dozi yote vile uliandikiwa. Tofauti ni kwamba ukiwa na ugonjwa unaohitaji hiyo dawa, angalau unalipia kitu. Ukiimeza kwa sababu ya mafua, ambayo ni virusi, umelipa bure.

Turudi kwa zile tisa. Miezi mitatu baadaye, dada yako anaenda choo na mkojo unamchoma. Anaona aibu kuenda kliniki. Mkebe unafunguliwa, anameza kapsuli tatu. Mara nyingi huo ugonjwa huletwa na E. koli waliotoka tumboni mwake mwenyewe, na wengi wao siku hizi hawajali amoksilini. Dhaifu wanakufa, kuchoma kunapungua siku moja, halafu kunarudi.

Akifika hospitali sasa, ameshaharibu kipimo. Maabara hukuza bakteria kutoka kwa mkojo, halafu wanaweka vidude vidogo vya duara, kila kimoja na dawa yake. Mahali dawa inafanya kazi, pembeni yake panabaki wazi. Mahali haifanyi, bakteria wanamea mpaka ukingoni. Lakini zile kapsuli tatu zinaweza kuwazubaisha bakteria wasimee kabisa kwa maabara, huku wengine wako hai ndani yake. Daktari anabaki kukisia, na maambukizi yakipanda hadi figo, hiyo ni stori ya kulazwa na sindano.

Kwa kifua kikuu ni kali zaidi. Matibabu ya kawaida ni miezi 6: dawa nne kwa miezi 2, halafu mbili kwa 4. Watu huskia nafuu mapema sana wakaacha, na usugu ukiingia, hata wale unaoishi nao unaweza kuwaambukiza bakteria ambao tayari ni sugu.

Nani wa kulaumu? Si mathe pekee. Sheria inataka cheti cha daktari, lakini kuna kemisti mtaani ukisema "nipe ya mia", anakata karatasi na makasi, anakupea nne. Hiyo si dozi, na anajua. Ukikosa pesa ya zote, mwambie daktari mapema. Saa zingine kuna dawa ya bei nafuu, au ya siku chache. Na daktari akikuambia uache kabla ziishe, acha. Idadi ya siku hubadilika kwa kila ugonjwa. Nachokataa ni wewe kuamua kwa sababu unaskia poa.

Zilizobaki, uliza kemisti au kliniki kama wanazipokea. Usizimwage chooni. Na ile chupa ya amoksilini ya maji ya mtoto, ikishachanganywa hudumu siku 7 hadi 14 tu, vile lebo inasema. Ya Krismasi ilishaharibika kitambo.