Mnazi Tunduma, mbu Kamsamba

MPAKANI
Na Osia Simbeye

Wiki hii nimeona mnazi Tunduma. Mnaonisoma kila wiki mtasema mzee kaanza tena, lakini mashahidi ninao. Tulikuwa umati mzima kwenye uwanja wa mtaa, makoti yamefungwa mpaka shingoni, tunapewa elimu ya kujikinga na malaria. Bango lilikuwa kubwa, rangi zake nzuri: nyumba ya makuti, mnazi pembeni, mtoto kifua wazi, dimbwi mlangoni. Mtu wa Pwani angejiona pale. Sisi tulikuwa tunatazama maisha ya watu wengine.

Kijana mwenye kipaza sauti akatuuliza malaria inaenezwa na nini. "Mbuuu!" Tunajikinga kwa nini? "Chandaruaaa!" Tumeelewana? "Ndiyooo!" Aliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote akapewa fulana. Alikuwa ni shemeji yangu dereva, na tangu aanze kupeleka malori Kongo hajalala ndani ya chandarua hata usiku mmoja. Fulana inamkaa vizuri.

Yote hayo ningeyavumilia. Kilichonitoa jasho kwenye baridi ile ni mama mmoja aliyenyoosha mkono bila kuombwa. "Samahani daktari. Mwanangu nilimpeleka Kamsamba kwa bibi yake wakati wa mavuno ya mpunga. Karudi mzima, anacheza. Baada ya wiki moja hivi homa ikampanda, kupimwa ni malaria. Nyumbani kwangu mbu nawaona wachache, na chandarua kipo. Imemtoka wapi?"

Hilo ndilo lilikuwa somo lenyewe, limeletwa mezani bure. Kijana akafunua karatasi yake, akasoma: "Mama yangu, fyekeni majani, zibueni mitaro, fukieni madimbwi." Umati ukapiga makofi. Mama akakaa chini na swali lake.

Basi nimjibu mimi, kwa kuwa safu ninayo. Mtoto wako, mama, aliumwa na mbu Kamsamba, usiku, wakati chandarua chake kimening'inia Tunduma. Vimelea vilipoingia vilikimbilia kwenye ini, vikakaa huko kimya karibu wiki nzima vikizaliana, ndiyo maana alirudi anacheza. Vilipotoka kwenye ini na kuvamia damu, homa ikaanza. Kwa kawaida safari hiyo huchukua kati ya siku 7 na wiki mbili, pengine zaidi. Majani ya uani kwako hayahusiki hata kidogo.

Na mbu wa hapa kwetu? Tunduma iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, wakati Ziwa Rukwa, linakoelekea bonde la Kamsamba, liko kwenye mita 800 hivi. Kimelea cha malaria kinahitaji joto ili kikomae tumboni mwa mbu. Kwenye joto la nyuzi 25 kinakomaa kwa siku kama 12. Kwenye nyuzi 20 kinahitaji zaidi ya wiki tatu, na mbu wengi hufa kabla ya hapo. Likishuka chini ya nyuzi 16 hivi, hakikui kabisa. Sisemi kwamba Tunduma haina malaria, msininukuu vibaya. Msimu wa joto upo, na ndani ya nyumba kuna joto kuliko nje. Lakini mkazi wa hapa mwenye malaria aulizwe kwanza alikolala, na ndipo aulizwe habari za mfereji wake.

Mfereji nao nina ugomvi nao. Mbu wengi wanaotupigia muziki usiku wanatoka kwenye mitaro yetu inayonuka, na hao si wa malaria. Mbu wa malaria hupenda maji yaliyotulia, safi kiasi, yanayopigwa na jua: shimo lilikofyatuliwa matofali, alama ya tairi la lori, nyayo za ng'ombe, jaruba la mpunga. Majani huwapa mbu mahali pa kujificha mchana, hawazaliani juu yake. Ukifyeka uwanja wote ukaacha shimo la matofali linang'aa juani, umewasafishia njia.

Sasa, badala ya mnazi, angekuja na chupa mbili za kioo. Moja achote maji ya mtaro, nyingine maji ya shimo la matofali, wakati wa mvua. Viluwiluwi wa mtaroni hujining'iniza kichwa chini, mkia umegusa uso wa maji, kwa sababu wanavuta hewa kwa mrija ulioko mkiani. Wa mbu wa malaria hawana mrija huo, kwa hiyo wamelala bapa, wamejinyoosha sambamba na uso wa maji. Bibi asiyejua kusoma akishikishwa chupa hizo mara moja, kesho ataenda mwenyewe kuchungulia shimo la jirani. Akiwaona wamelala bapa, shimo lifukiwe ndani ya wiki hiyo, kwani tangu yai mpaka mbu anayeruka ni siku 7 hadi 14, na baridi ikizidi huchelewa.

Chandarua nacho kifungwe pale pale uwanjani juu ya mkeka. Mtu aitwe, aingie, achomeke pindo chini ya mkeka, halafu wenzake wamkosoe. Aonyeshwe kwamba kipya kinaanikwa kivulini siku nzima kabla ya kulalia, na kikifuliwa kinaanikwa kivulini vile vile, kwa kuwa jua kali huharibu dawa. Kisha kikunjwe mbele ya watu mpaka kiingie kwenye begi la safari. Mkunjo huo ndio picha ambayo Songwe inaihitaji, na sijaiona kwenye bango lolote.

Maswali yasiyojibika kwa "ndiyo" yapo pia, tena ya bure. Nani amelala nje ya Tunduma mwezi huu? Alilala wapi, juu ya nini? Chandarua kilibaki na nani? Nani alirudi, akapata homa, akanywa panadol akasubiri? Wakubwa wenzangu mtakumbuka Mtu ni Afya ya mwaka 1973: vikundi vilisikiliza redio, vikasoma kijitabu, vikajadiliana, na havikutawanyika mpaka viamue cha kufanya. Siku hizi tunatawanyika na fulana.

Madereva wenyewe hawakuguswa hata kwa sentensi moja. Mpaka mzima wa Tunduma na Nakonde unaishi kwa malori, watu wanalala kwenye kabini ya gari wiki nzima njia ya Kongo, wanarudi na vimelea damuni, na mji unawatangazia kuzibua mitaro. Shemeji anasema chandarua hakina pa kufungwa ndani ya lori. Mabomba ya kitanda chake ameyafungia rozari, spika mbili na picha ya timu yake.

Kwa waandaaji: mkutano ujao mwiteni yule mama azungumze mwanzo, na bango lirudisheni Pwani. Kwa msomaji unayeshuka Kamsamba, Mkwajuni au Galula, au unayevuka kwenda Kongo: beba chandarua, na homa ikikushika ndani ya mwezi mmoja tangu urudi, nenda kapime siku hiyo hiyo, na mwambie mhudumu ulikolala hata kama hajauliza.