Kinachomuumiza Mtoto ni Kijiko, si Mkebe Mpya

Jumapili iliyopita, baada ya ibada hapa Langas, mama mmoja anayeheshimika sana alimgeukia msichana aliyebeba mtoto akamwambia kwa sauti ya mtu asiyepingwa: "Mwanangu, ole wako umbadilishie mtoto maziwa ghafla. Tumbo litavurugika. Changanya ya zamani na mapya, nusu kwa nusu, wiki nzima." Wanawake waliosimama pale wakaitikia kwa vichwa. Mimi nilipandwa na hasira, kwa sababu ushauri huohuo ndio uliotukimbiza hospitali na mtoto wa mpwa wangu.

Mtoto huyo alikuwa na miezi mitatu. Maziwa aliyozoea yaliadimika madukani hapa Eldoret, mama yake akanunua ya kampuni nyingine, namba 1 kama yale ya kwanza. Akatii wazee, akachanganya. Chupa yake ilikuwa ya maji mililita 120. Mkebe wa zamani ulitaka kijiko kimoja kwa kila mililita 30, yaani vijiko vinne kwa chupa. Mkebe mpya ulikuwa na kijiko kikubwa zaidi, kimoja kwa mililita 60, yaani viwili tu. Mpwa wangu alizoea vinne, basi akaweka viwili vya huku na viwili vya kule. Piga hesabu: vile vya zamani vilitosha maji mililita 60, vya mpya vilitosha 120. Unga wa mililita 180 ukaingia kwenye mililita 120.

Siku ya pili choo cha mtoto kilikuwa kigumu kama cha mbuzi. Siku ya tatu midomo ilikauka, na tangu asubuhi hadi jioni alikuwa amelowesha nepi mbili tu. Nyumba nzima ikasema maziwa mapya yamemkataa. Muuguzi hakubishana na mtu. Aliomba mikebe yote miwili, akaweka vile vijiko sambamba mezani, na mpwa wangu akaanza kulia kabla hajaelezwa kitu. Mtoto alikuwa amekaukiwa maji. Angekosea upande wa pili, unga ukawa mchache, angeshinda na njaa, asiongezeke uzito, na chumvi ya mwilini ingeshuka hadi apate degedege.

Eti tumbo lazima lizoeshwe! Lizoeshwe nini? Maziwa ya kawaida ya watoto hutengenezwa kwa maziwa ya ng'ombe, na kiwango cha kimataifa cha Codex cha 1981 kinataka kila mililita 100 ziwe na kilokalori 60 hadi 70. Tumbo la mtoto halisomi jina la kampuni. Mtoto mzima wa afya, aliyezaliwa kwa wakati wake, anaweza kumaliza mkebe mmoja leo na kuanza mwingine kesho asubuhi. Anayetaka kwenda polepole aende kwa chupa nzima: asubuhi chupa ya maziwa mapya, nyingine za zamani, kesho mbili mpya. Kila unga na kijiko chake, kila unga na kipimo chake cha maji. Ni yule tu aliyezaliwa kabla ya wakati, au anayetumia maziwa maalumu aliyoandikiwa na daktari, ambaye habadilishiwi mpaka daktari aulizwe.

Siku chache za mwanzo choo kinaweza kubadilika rangi, kikawa cha kijani au cheusi kidogo kwa sababu ya madini ya chuma, na gesi ikaongezeka. Hilo si ugonjwa. Ugonjwa ni damu au makamasi kwenye choo, kutapika kila anyonyapo, kuhara kusikokoma, nepi zilizolowa kupungua chini ya sita kwa siku. Akivimba midomo au macho, akitokwa na vipele vya kuwasha au akipumua kwa mluzi muda mfupi baada ya kunyonya, kimbia hospitali saa hiyohiyo. Na kama mwili wake unakataa protini ya maziwa ya ng'ombe, kumhamisha kutoka kampuni hadi kampuni ni kumtesa, kwa kuwa protini ni ileile. Hata maziwa yasiyo na laktosi hayamsaidii huyo.

Lakini hapa kwetu mtoto akihara, ni meno. Akiwa na homa, ni meno. Nimechoka na meno! Mtoto wa miezi miwili mwenye homa anapelekwa hospitali, hapapaswi fizi.

Pale Langas nilimsubiri yule msichana langoni nikamwomba anionyeshe maziwa ya mtoto. Akasema, "Ni haya, shangazi," akatoa mkebe mpya mkobani na kuufungua. Ndani ya unga mlikuwa na vijiko viwili, kimoja cha mkebe uliokwisha, na hicho ndicho kilichokuwa kimelowa.