Mgodi ukifungwa, bili inakuja kwa nani?

Makamanda, kwenye siasa za madini tunabishana sana kuhusu mrabaha na hisa za serikali. Sawa. Ila kuna hesabu ya mwisho wa mgodi ambayo hatuigusi, na hapo ndo tunapigwa.

Biashara nyingi huanza kwa kutoa hela kisha zinaingia mpaka mwisho. Mgodi hauko hivyo. Unatoa mtaji, unavuna miaka, halafu dhahabu ikiisha unatoa tena: kubomoa mtambo, kufunika bwawa la topesumu, kusawazisha milima ya mawe taka, na kupima maji kwa miaka kadhaa, maana baadhi ya mawe yakikutana na hewa na mvua hutoa asidi. Mwaka huo hakuna mauzo, ni matumizi tu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kufunga mgodi kutagharimu shilingi bilioni 60, miaka 20 ijayo. Mwekezaji anayetaka faida ya asilimia 10 kwa mwaka anaigawa hiyo 60 kwa 1.1 iliyojizidisha mara 20, yaani karibu 6.7. Anapata bilioni 9 hivi. Kwenye meza yake leo deni ni dogo. Kwa kijiji, shimo ni lilelile.

Sasa jiulize: mwaka wa 19, dhahabu imebaki kiduchu na bilioni 60 zinakusubiri mlangoni. Kibiashara, kuuza mgodi kwa bei ya kutupa, mradi mnunuzi abebe na deni, ni faida.

Mwaka 2013 African Barrick Gold iliuza mgodi wa Tulawaka, Biharamulo, uliokuwa ukizalisha tangu 2005. Mnunuzi alikuwa STAMICO, shirika letu la umma, na wajibu wa ukarabati ukahamia kwake. Mauzo yalikuwa halali. Lakini wajibu ukishakaa kwa shirika la umma, pesa ikipungua anayejazia ni mlipakodi.

Dawa ni dhamana ya ukarabati, ambayo Sheria ya Madini ya 2010 inaitambua. Ila dhamana ina maana ikiwekwa mgodi ukiwa bado unavuna. Kwa mfano wetu, ukitenga bilioni 4 kila mwaka kwa miaka 15 ya mwanzo, 60 imetimia kabla mavuno hayajaanza kukauka. Na kiasi kikaguliwe upya kila shimo linapopanuka, la sivyo unabaki na dhamana ya shimo la zamani.

Sisi wa Daa tusiseme hayatuhusu. Shuka Mto wa Mbu, pinda Makuyuni kuelekea Babati, utafika Minjingu kwenye fosfeti. Kwa mgodi wowote, diwani na mbunge waulizwe maswali matatu: dhamana ni kiasi gani, iko wapi, na ilikaguliwa lini? Mkataba ukiuzwa bila majibu hayo, bili tumeshaandikiwa sisi.