Ndumilakuwili Hafichwi

Waandishi wengi wa riwaya za kijasusi huamini kwamba jasusi wa pande mbili hubaki kitendawili kwa kufichwa. Usimwoneshe msomaji anachowaza, husema, kisha sura ya mwisho umvue kinyago. Ushauri huu umeharibu vitabu vingi. Kinachofichwa kwa njia hiyo ni taarifa moja tu, yaani anamtumikia nani, na ikishatoka hakuna kinachobaki cha kumrudisha msomaji kitabuni. Utata wa uaminifu ni jambo jingine kabisa: msomaji anajua kila anachokijua mhusika, na bado hawezi kuapa moyo wake uko upande gani. Tena mwandishi anayemfungia msomaji nje ya kichwa cha mhusika huufungia nje pia ule mgogoro wa nafsi aliotaka kuuandika.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni riwaya ya Viet Thanh Nguyen, The Sympathizer, iliyotoka mwaka 2015 na kupata tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Msimulizi anakiri tangu mistari ya kwanza kwamba ni jasusi. Ni kapteni katika polisi wa siri wa Vietnam Kusini, msaidizi wa Jenerali, na papo hapo ni mtu wa wakomunisti. Baada ya Saigon kuanguka anakimbilia Marekani pamoja na Jenerali, na kutoka huko anaendelea kupeleka habari kwa barua zenye maandishi yasiyoonekana. Siri kubwa imetolewa kabla hadithi haijaanza. Kwa mujibu wa ushauri ule, kitabu kingekufa hapo hapo.

Hakifi, kwa sababu ya matendo anayobebeshwa msimulizi. Jenerali anahisi kuna msaliti miongoni mwao na anamtaka kapteni amtaje. Ili kujiokoa, kapteni anamsingizia meja mmoja mnene, mpenda chakula, baba wa pacha wachanga, ambaye hana hatia. Kisha inambidi ashiriki katika kumuua. Chama kinafaidika, maana jasusi wake amesalimika. Jenerali anaridhika, maana kwake msaliti ameondolewa. Anayefyatua risasi ni Bon, rafiki wa kiapo wa kapteni, anayewachukia wakomunisti kuliko chochote na asiyejua kwamba anamlinda mmoja wao. Je, kapteni amefanya hivyo kwa itikadi au kwa woga? Sababu zote mbili zinatosha kulieleza tendo zima, wala hakuna inayoifuta nyingine. Halafu mzimu wa meja unaanza kumwandama, na hatia hiyo haina bendera. Hapo ndipo penye ufundi: tendo moja, sababu mbili zinazotosheleza, na mtu wa tatu anayelipa gharama. Ukiondoa huyo wa tatu, mgogoro unakuwa maneno matupu ya mtu anayejihoji mbele ya kioo.

Historia inaonesha kwamba tendo la namna hii si ndoto ya watunzi. Juan Pujol, Mhispania aliyewafanyia kazi Waingereza kwa jina la Garbo, alikuwa na ujumbe wa kuwatahadharisha Wajerumani usiku wa kuamkia tarehe 6 Juni 1944, wakati majeshi ya uvamizi yalipokuwa tayari njiani kwenda Normandi. Habari ilikuwa ya kweli, ila iliruhusiwa itumwe wakati usingebaki muda wa kuitumia. Kituo cha redio cha Wajerumani kule Madrid hakikuitika saa ile, na Pujol akapata nafasi ya kuwakaripia kwa uzembe wao. Mwaka huo huo Wajerumani walimtunuku Msalaba wa Chuma, na Waingereza nao wakampa nishani yao. Pujol mwenyewe hakuyumba. Alikuwa wa Waingereza. Lakini tendo lake lilisomeka kama utiifu kwa pande zote mbili, na mtunzi hana budi kuanzia kwenye tendo la aina hiyo, kisha ndipo atie shaka moyoni mwa mtendaji.

Nitaambiwa kwamba John le Carré alimficha Bill Haydon katika Tinker Tailor Soldier Spy na kitabu kikasimama. Ni kweli, ila kile ni kitabu cha msako. Tunatembea na Smiley, anayewinda, na Haydon tunamwona kwa nje kama wanavyomwona wenzake. Kuiga ficho hilo huku umemfanya ndumilakuwili mwenyewe kuwa msimulizi ni kumdanganya msomaji, naye hugundua mara moja kwamba mtu aliyekuwa akimnong'oneza kurasa 300 alikuwa akiruka makusudi jambo ambalo asingeacha kuliwaza.

Pingamizi zito zaidi ni la taharuki: msomaji akijua kila kitu, atasubiri nini? Sisi tuliolelewa na Willy Gamba wa Elvis Musiba, shujaa ambaye hatukuwahi kutilia shaka nchi anayoipigania, tulipaswa kujua jibu, maana hata pale hatukuwa tukisubiri kujua yuko upande gani. Kwa ndumilakuwili, msomaji husubiri kuona atamtoa nani kafara safari hii. Nguyen anaubana uzi huo mpaka mwisho. Man, rafiki wa tatu wa kile kiapo na ndiye anayempa kapteni maagizo ya chama, anamwamuru abaki Marekani. Kapteni anarudi hata hivyo, akiwa na kikosi anachokituma Jenerali kupigana Vietnam, ili Bon asiende kufa peke yake. Jenerali anaona ushujaa, chama kinaona uasi, na Bon anaona undugu. Kila mmoja ana ushahidi wake, na mwandishi hampi yeyote hukumu.