Nani Anamkosa Nani?

Dada mmoja wa mtaa wa Umoja hapa Nairobi aliniletea simu yake juzi nimsomee ujumbe. Mchumba wake ametoka Abidjan, Afrika Magharibi, na lugha inayowaunganisha ni Kiingereza, dada akiwa amelelewa kwa Kiswahili na kijana kwa Kifaransa. Kijana alikuwa ameandika, kwa Kiingereza, "Unanikosa sana."

"Ati mimi ndiye ninayemkosa! Nani kamwambia?" dada akafoka. Alikuwa amenyamaza siku tatu.

Kumbe kijana hakuwa akijivuna hata kidogo. Kwa Kifaransa, yule anayetamaniwa ndiye anayetangulia katika sentensi: husemwa kwamba wewe umekosekana kwangu. Kiingereza hugeuza mambo, anayetangulia akawa yule mwenye hamu. Bwana alifasiri neno kwa neno, na hamu yake ikasomeka kama majivuno.

Dada naye alikuwa na makosa yake. Kijana alipoibiwa pochi kwenye matatu, alimwandikia lile neno la Kiingereza la kuomba msamaha. Sisi Wakenya hulitumia mahali pa "pole", hata mtu akijikwaa mbele yetu bila sisi kumgusa. Kijana akauliza, "Kwani umefanya nini?"

Tena kuna hili la "sana". Kwetu, "nakupenda sana" hushinda "nakupenda". Kwa Mfaransa, "nakupenda" tupu ndilo zito. Ukiliongezea "sana" linapoa, likawa pendo la rafiki au la shangazi. Na kabla ya kijana kwenda kuhojiwa kazi, dada alimtakia kwa Kiingereza "uvunje mguu", kama waigizaji wanavyotakiana heri kabla ya kupanda jukwaani. Hebu fikiria aliyeupokea!

Nilimshauri aache nahau na ataje jambo lenyewe, mahali na saa: "Jana jioni nilipita pale tunapokunywa chai, nikatamani ungekuwa nami." Hapo hakuna pa kupotelea. Kama lazima atume msemo wa kwao, auandike pamoja na maana yake papo hapo. Mimi binafsi nisingependa misemo ife yote. Mapenzi yangebaki kama barua ya karani.

Na ujumbe ukikuchoma, usimwulize mwenzako kama anaelewa alichoandika. Mpenzi atajibu "ndiyo" ili kulinda heshima yake. Mwombe akisema kwa maneno mengine, au umpe swali lisilojibika kwa "ndiyo".

Dada aliketi pale pale ofisini kwangu, akaandika: "Kati yetu wawili, ni nani aliyemtamani mwenzake?"

Jibu lilikuja kabla hajamaliza chai yake. Lilikuwa neno moja tu: "Mimi."